Komeo la Mlango wa Nyuma

Gazetini walimwita Mkia, na jina hilo alilipata kwa ukali wake mwenyewe. Mwandishi akileta habari iliyokaa shaghalabaghala, yule mama alikuwa anagonga meza kwa ufunguo wa baiskeli na kuuliza, "Mkia uko wapi?" Maana yake ilikuwa moja tu. Sentensi ina kichwa na ina mkia. Mkiani ndiko linakokaa jambo jipya, na sentensi inayofuata lazima ishike mkia huo ndipo iende mbele. Ukiachia mkia, msomaji kapotea, na msomaji aliyepotea hakutafuti, anafungua ukurasa wa mpira.

Yeye alikuwa mhariri wa ukurasa wa mahakama. Huo ndio ukurasa wa damu, tuseme ukweli. Mapanga, visu vya jikoni, watu kumwagiwa maji ya moto na wake zao, vibaka kupondwa mawe sokoni. Yote yalipita mezani kwake kabla ya chakula cha mchana, naye alikula chakula hicho chote bila kubakisha. Miaka mingi ya kazi ilikuwa imemfanya hivyo. Kilichomtia kichefuchefu hakikuwa damu, kilikuwa ni damu iliyoandikwa hovyo.

Siku moja mwandishi mmoja, bwana mwenye digrii yake safi, alimletea hii: "Shoka lilikutwa na polisi kisimani. Jikoni ndiko mpwa alikolichukua. Kichwani mjomba alipigwa mara mbili. Mpaka wa shamba uliwagombanisha." Mkia akasoma, akamtazama.

"Kaka, umenitupia shoka usoni hata sijajua kuna ugomvi. Nimeshangaa shoka, mara jikoni, mara kichwa, mara shamba. Mimi ni msomaji au mpira?"

"Lakini dada, yote yamo."

"Yamo, ndiyo. Hata gunia la vyuma chakavu lina pikipiki nzima ndani, lakini panda uende nalo kazini."

Akachukua kalamu, akapanga upya mbele yake. "Mjomba na mpwa wake waligombania mpaka wa shamba. Katika ugomvi huo mpwa alikimbilia jikoni akachukua shoka. Shoka hilo alimpiga nalo mjomba kichwani mara mbili, kisha akalitupa kisimani. Kisimani ndiko polisi walikolikuta." Hakuongeza hata tone la damu. Alichofanya ni kuanza na ugomvi, kitu ambacho kila mtu anakijua, na kila sentensi akaisimamisha juu ya ile iliyotangulia. Yule bwana alichukua karatasi yake akaondoka ananung'unika, ila wiki iliyofuata aliandika vizuri zaidi.

Basi ndiye huyo. Mjane, hana mtoto, anaishi na mama yake mzazi katika nyumba ya vyumba viwili yenye ukuta uliopasuka. Mdogo wake wa kike, fundi cherehani, alikaa mtaa wa pili katika chumba chake mwenyewe tangu alipomkimbia mumewe. Mume huyo alikuwa na bucha, na watu walimwita hivyohivyo, Bucha. Kifua kama jiwe la kusagia, sauti ya upole, anakukatia nyama akiongeza kipande juu na kukuuliza hali ya watoto. Ungemkuta dukani kwake ungesema huyu ndiye mkwe. Wallahi, watu wa namna hiyo ndio wanaonifanya niogope upole.

Bucha alimpiga mkewe kwa pasi ya mkaa, hukohuko kwenye chumba alichokimbilia. Pasi nzima, chuma na makaa yake. Alimvunja mkono wa kushoto chini kidogo ya kiwiko, akamwacha amelala juu ya gauni la mteja lililokuwa jeupe. Kesi ya jinai ilifunguliwa, Bucha akapata dhamana, na siku aliyotoka alipita mbele ya dirisha la fundi akipiga mluzi. Kesho yake akapita tena. Siku iliyofuata akasimama dirishani na kumwambia kwa ile sauti ya upole, "Mke wangu, mkono mmoja umebaki."

Hapo ndipo fundi na Mkia walipokwenda kwa wakili wa msaada wa kisheria, binti mdogo mwenye ofisi juu ya duka la viatu, kuomba amri ya mahakama ya kumzuia Bucha asikanyage pale. Bila amri hiyo askari wa kituoni walisema mikono yao imefungwa, mtu kupita barabarani si kosa. Fundi akatoa kiapo chake, kikaandikwa neno kwa neno. Siku ombi liliposikilizwa, hakimu, mama mtu mzima asiye na haraka, alikisoma mara mbili, akavua miwani.

"Binti, pole kwa mkono," alisema. "Lakini nimesoma na sijui nani alikuwa wapi. Mara pasi, mara mlango, mara uko chini ya meza. Na bwana huyu maelezo yake yamenyooka."

Na kweli yalikuwa yamenyooka. Bucha aliapa hivi: "Nilikwenda kwa mke wangu kuchukua nguo zangu. Nguo hizo zilikuwa chumbani kwake. Chumbani nilikaribishwa na yeye mwenyewe, kwani mlango hufungwa kwa ndani. Baada ya kunikaribisha alianza kunitukana. Matusi yaliponizidi nilitaka kuondoka, na katika kuondoka tukasukumana, akaangukia pasi." Mkia aliyasikia akiwa amekaa benchi la nyuma. Uongo mtupu, lakini kila sentensi ilikuwa imeshika mkia wa mwenzake. Uongo ulikuwa unateleza kama gari kwenye lami, na ukweli wa mdogo wake ulikuwa unachechemea kando.

Hakimu aliahirisha. Akamwambia wakili alete kiapo kinachoeleweka wiki ijayo, la sivyo atalitupa ombi. Nje wakili alimvuta Mkia pembeni. "Dada, wewe hiyo ndiyo kazi yako. Kaa naye, mpange upya. Lakini nakuonya, mpangilio uwe wako, maneno na mambo yawe yake. Usiongeze kitu ambacho hakukisema, maana ataulizwa juu ya kila mstari."

"Siongezi," Mkia alisema. "Sijawahi."

Jumamosi mchana dada wawili walikaa mezani nyumbani kwa Mkia, na mama yao alikuwa ukumbini akikunja nguo. Kiapo cha kwanza kilikuwa katikati ya meza. Mkia alikisoma kwa sauti, polepole.

"'Pasi ndiyo iliyonivunja mkono. Chini ya meza nilikuwa nimejificha. Cherehani iliangushwa. Begani nilipigwa kwanza. Mlango wa nyuma uko karibu na meza. Damu niliiona kwenye gauni la mteja. Mume wangu alikuwa ameshaingia.'" Akaweka karatasi chini. "Mdogo wangu, mume anaingia mwisho, umeshavunjika. Nani alikuwa anakupiga kabla hajaingia?"

"Wewe unajua nani."

"Mimi ninajua. Hakimu hajui. Tuanze na anachokijua. Anajua nini kuhusu wewe?"

Fundi alifikiri. "Kwamba nashona."

"Haya. Unashonea wapi?"

Wakaenda hivyo, kipande kwa kipande, na Mkia akiandika. "Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu naifanyia chumbani kwangu. Chumba hicho kina milango miwili, wa mbele na wa nyuma." Kisha akaruka kidogo, kwa sababu mdogo wake aliruka, akaandika yaliyofuata jinsi yalivyotoka. "Aliponikuta nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, mgongo wangu ukiwa mlangoni. Pembeni ya cherehani kulikuwa na pasi ya mkaa ya moto. Pasi hiyo aliichukua akanipiga nayo begani. Pigo hilo lilinitupa sakafuni, na cherehani ikaniangukia miguuni. Nilipojikwamua nilitambaa mpaka chini ya meza. Chini ya meza alinifuata kwa mateke ya kichwani, nikainua mkono wa kushoto kujikinga. Mkono huo ndio alioupiga kwa pasi, mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu nikasikia mfupa."

Fundi alikuwa anasimulia bila kulia. Mkono wa plasta ulikuwa mezani kama kitu cha mtu mwingine. Alisema alisikia harufu ya nywele zake zikiungua kwa makaa yaliyomwagika. Alisema Bucha hakupiga kelele hata kidogo, alikuwa anahema tu, kama anavyohema akikata mfupa wa paja dukani. Mkia akaandika na hilo. Alimchukia yule mtu kiasi cha kusikia ladha ya chuma mdomoni.

Alipomaliza alisoma tangu juu. Ilikwenda vizuri mpaka pale aliporuka. Milango miwili, halafu ghafla "aliponikuta". Alimkuta kwa kupita wapi? Sentensi ilikuwa inaning'inia hewani, haina mkia wa kushika.

"Aliingia mlango gani?"

"Wa nyuma."

Akaandika. "Wa nyuma huwa unaufungaje?"

"Kwa komeo. La ndani."

Akaandika: "Mlango wa nyuma huwa naufunga kwa komeo la ndani. Komeo hilo..." Kalamu ikasimama. "Komeo hilo lilifanyaje?"

Fundi alianza kukwangua ukingo wa plasta.

"Lilivunjwa?"

"Halikuvunjwa."

"Ulisahau kulifunga?"

"Sijawahi kusahau. Tangu nimkimbie sijasahau hata siku moja."

"Basi lilifunguliwaje, mdogo wangu? Komeo la ndani halifunguki kwa nje. Ndiyo hoja nzima ya Bucha, kwamba ulimkaribisha."

"Andika tu kwamba aliingia."

Hapo Mkia alielewa jambo ambalo lilipaswa kumwingia mapema. Mdogo wake hakuwa mtu wa kusema hovyo. Huyu ndiye aliyekuwa akimweleza mteja mkunjo wa gauni mpaka mteja analiona limeshavaliwa. Kiapo chake hakikuvurugika kwa maumivu wala kwa ujinga. Kilivurugika kwa sababu kila alipoanza mwanzo alifika kwenye komeo, na alipofika kwenye komeo alirudi nyuma akaanzia kwingine, kwenye pasi, kwenye bega, kwenye gauni. Alikuwa anazunguka shimo asitumbukie.

Na Mkia, kwa hasira zake, akalijaza lile shimo vibaya.

"Ulimfungulia," alisema. "Wewe mwenyewe. Ulimrudia."

"Dada, acha."

"Alikuja na maneno yake ya asali ukafungua mlango. Mimi nazunguka kwa mawakili, naomba ruhusa kazini, naaibika mbele ya hakimu, kumbe mwenzangu alikaribisha kifo kwa mikono yake." Alisimama kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka. Alimshika mdogo wake bega, lile lile la pasi, akamtikisa, na fundi akatoa sauti ndogo ya maumivu. "Sema. Nani alifungua?"

"Mwache," alisema mama yao. "Nilifungua mimi."

Alikuwa amesimama mlangoni na shuka iliyokunjwa nusu. Mama mfupi, mwembamba, taya lake limekaa upande kidogo tangu Mkia anamjua. Alisema bila kupaza sauti kwamba siku ile alikwenda kumtembelea mwanawe kama kawaida. Kwamba Bucha alikuwa ameshamjia mara nyingi, akamlilia, akamwambia, mama, nipe nafasi nimwombe msamaha uso kwa uso. Kwamba kabla ya kuaga alilifungua komeo la nyuma kwa siri, akatoka mlango wa mbele, akazunguka na kumwambia yule bwana aliyekuwa akisubiri uchochoroni, ingia, mkayamalize.

"Nilidhani wataongea," alisema. "Nilikuwa nimefika kwenye bomba la maji nikasikia kilio. Sikurudi, mwanangu. Miguu ilikataa."

Mkia hakujua jinsi alivyofika mlangoni. Alijikuta tu mbele ya mama yake, mkono umeinuka juu, kiganja wazi. Na mama yake akainua kiwiko. Aliinua upesi, kwa mazoea, kichwa kikaingia begani na macho yakafumba, ile shuka ikaanguka. Kiwiko kilikaa vilevile ulivyokaa mkono wa fundi kwenye kiapo, chini ya meza, kujikinga kichwa.

Mkono wa Mkia ulibaki hewani. Alikuwa na umri wa miaka minne baba yao alipolivunja lile taya, na alikuwa amelisahau, au alijifanya amelisahau. Siku ile bibi yao ndiye aliyemrudisha mama nyumbani kwa mumewe, na bandeji bado kichwani. Mkayamalize, bibi naye alisema. Mkia aliushusha mkono. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Ndiyo maana hukusema," alimwambia mdogo wake.

"Ni mama yangu," fundi alisema. "Nitamweka vipi kwenye karatasi ya mahakama?"

"Niweke," mama alisema. Aliiokota shuka, akaikunja tena tangu mwanzo. "Yule anaapa kwamba ni wewe uliyemfungulia. Usiponiweka mimi, utakuwa wewe. Dada yako aandike. Na mimi nipelekeni kwa huyo wakili niape ya kwangu."

Mkia aliketi. Sentensi ilikuwa pale inamngoja. "Mlango wa nyuma huwa naufunga kwa komeo la ndani. Komeo hilo lilifunguliwa siku ile na mama yangu mzazi. Mama alilifungua bila mimi kujua, kwa sababu mume wangu alimwomba nafasi ya kuniomba msamaha. Msamaha huo hakuuomba. Aliponikuta nilikuwa nimekaa kwenye cherehani..." Sasa ilikwenda yote, toka cherehani mpaka mfupa, na hapakuwa na mahali pa mtu kuteleza.

Wiki iliyofuata hakimu alisoma viapo vyote viwili, mara moja tu. Alipofika kwenye komeo alinyanyua macho akauliza nani ni mama. Yule mama mfupi akasimama.

"Ulifungua wewe?"

"Mimi, mheshimiwa. Binti yangu hakujua."

Hakimu akamgeukia Bucha. "Wewe umeapa kwamba mkeo alikukaribisha chumbani."

Maelezo yote ya Bucha yalikuwa yamesimama juu ya ile karibu, na karibu ilipoondolewa hayakuwa na pa kukanyaga. Amri ikatolewa palepale. Asikaribie chumba kile, asikaribie mtaa, akionekana akamatwe.

Kwenye ukumbi nje ya chumba cha mahakama Bucha alikuwa ameshika kofia yake ya pikipiki. Alimsogelea mama mkwe wake, upole umemjaa usoni. "Mama," alisema, "na wewe?" Kisha akampiga nayo mdomoni. Sauti ya pigo hilo ilikuwa kama ya nazi ikivunjwa. Mama alianguka akikaa, damu ikamtiririka kidevuni hadi kwenye vazi alilolipiga pasi kwa ajili ya hakimu. Bucha akainua kofia mara ya pili, na Mkia akamrukia mgongoni, mhariri mzima na miwani yake, akang'ata sikio na hakuachia. Bucha alimbamiza ukutani. Hakuachia. Fundi akaja mbele kimyakimya na mkono wake wa plasta, akamtandika nao usoni, plasta ikapasuka, pua ikapasuka, na akampiga tena na tena mpaka askari wawili walipomkumbatia. Alilia kwa mara ya kwanza tangu siku ya pasi. Bucha alitolewa na pingu, na dhamana yake ikafutwa.

Gazetini habari ilifika kwa mwandishi yule yule wa shoka. Mkia hakuigusa, alimpa mwenzake wa meza ya pili aihariri kwa kuwa ilihusu damu yake mwenyewe. Aliomba tu kuisoma. Yule mwandishi alikuwa ameanza na ugomvi wa mume na mke, ugomvi ukamfikisha kwenye mlango, mlango ukamfikisha kwenye komeo, na hakuwa ameachia mkia hata mmoja. Mkia alimrudishia karatasi, akasema, "Sawa," na yule bwana akashangaa akidhani mhariri anaumwa.

Mama alipona, ila meno ya mbele hayakurudi. Kwa muda mrefu hakwenda kwa fundi. Alisema hana uso. Fundi naye hakumwita, na Mkia aliyekaa katikati yao hakujua amlaumu nani, akajikuta anawagombeza wote wawili kwa zamu. Halafu jioni moja mama alijitanda, akatoka bila kuaga, akapita uchochoroni mpaka nyuma, akagonga mlango.

Cherehani ikanyamaza.

"Nani?"

"Mama yako. Niko peke yangu."

Alisubiri pale nje, mikono ameishika kifuani, na hakugonga tena. Ndani ilichukua muda. Kisha akasikia komeo likivutwa.